Asilimia Moja na Nusu: Tangazo Baya au Kipimo Kibaya?

Chukua kampuni ya kubuni ya Arusha inayopeleka watalii Serengeti na Ngorongoro. Inatangaza kwa Kiingereza kupitia Google Ads, na mwisho wa mwezi meneja anafungua ripoti. Matangazo yameonekana mara 40,000 na yamebofywa mara 600. Ukigawanya mibofyo kwa idadi ya mara tangazo lilipoonekana, unapata 1.5%. Hiyo ndiyo namba inayosomeka kwenye safu ya CTR.

Meneja anatafuta wastani wa sekta yake na kukutana na takwimu za WordStream, kampuni ya Marekani inayohudumia watangazaji. Takwimu zao za mwaka 2018, ambazo bado zinazunguka mtandaoni, zinaonyesha kuwa utalii na hoteli zilipata 4.68%. Kampuni ya Arusha haijafika hata theluthi ya hapo. Katika ofisi nyingi, kikao kinachofuata ni cha kumwachisha kazi mtu wa matangazo.

Kabla ya kikao hicho, mtu mmoja aulize: hiyo 4.68% ilipimwa wapi?

Ilipimwa kwenye matokeo ya utafutaji peke yake. Kwa matangazo ya picha yanayotokea ndani ya tovuti na programu za simu, yale ambayo Google huyaita Display, takwimu zile zile ziliipa sekta hiyo 0.47%, yaani mara kumi chini. Sababu haina fumbo. Anayeandika "Serengeti safari price" amekwisha kuuliza, na tangazo linamjibu. Anayesoma habari za mpira akapitiwa na picha ya simba hakuuliza chochote. Makundi haya mawili huchanganyika kirahisi, kwa sababu mtu anapounda kampeni ya utafutaji hukutana na kisanduku cha kujumuisha Display, na kisanduku hicho kikiachwa na alama, namba zote huingia kapu moja.

Kwenye Google Ads zinatenganishwa kwa kubofya "Segment" kisha "Network". Tuseme kampuni yetu inafanya hivyo na kukuta haya: kwenye utafutaji, tangazo lilionekana mara 10,000 likabofywa mara 500, sawa na 5%. Kwenye Display lilionekana mara 30,000 likabofywa mara 100, sawa na 0.33%. Sasa picha imegeuka. Kwenye utafutaji kampuni iko juu ya wastani, na kilichokuwa kikiivuta chini ni wingi wa picha zinazopita mbele ya macho ya watu wasiotafuta safari.

Je, meneja afurahi? Bado, kwa kuwa ile 5% nayo ina watu wa aina mbili ndani yake. Wapo walioandika jina la kampuni yenyewe, kwa mfano mtu aliyeelekezwa na rafiki yake na anataka tu kufika kwenye tovuti. Hao karibu hawahitaji kushawishiwa. Tuseme tangazo lilionekana kwao mara 1,000 na likabofywa mara 300, yaani 30%. Zinabaki mara 9,000 ambapo mtafutaji hakulijua jina la kampuni, na mibofyo 200. Hiyo ni 2.2%, na hapo ndipo tangazo linapofanya kazi yake halisi ya kumvuta mgeni.

Hatua hii ndiyo muhimu kuliko zote, nayo ndiyo huachwa mara nyingi zaidi. Wastani wa sekta haumwambii msomaji ni sehemu gani ya mibofyo ilitoka kwa watu waliolitafuta jina la kampuni. Hoteli kubwa inayojulikana duniani na kampuni changa ya magari matatu zimewekwa chini ya jina moja la "utalii". Ya kwanza hupata mibofyo mingi kwa jina lake tu, na ya pili ikijipima nayo inapima umaarufu, wala si ubora wa tangazo.

Hata ile 2.2% inafaa kufunguliwa. Ripoti ya "Search terms" huonyesha maneno ambayo watu waliandika. Kwa neno "safari" tatizo ni la kweli kabisa, kwa sababu Safari ni pia jina la kivinjari cha Apple. Tuseme mara 4,000 kati ya zile 9,000 zilikwenda kwa watu waliotaka kusasisha kivinjari au kupata picha za bure za simba, nao wakabofya mara 20. Zilizobaki ni mara 5,000 na mibofyo 180, sawa na 3.6%. Dawa yake inajulikana: maneno kama "browser", "download" na "wallpaper" yaingizwe kwenye orodha ya "Negative keywords". Wastani wa sekta usingeweza kuionyesha kasoro hiyo wala dawa yake.

Umri wa kipimo nao una uzito. Wastani wa jumla wa WordStream kwa utafutaji ulikuwa 3.17% mwaka 2018, na mwaka 2023 ukawa 6.11%. Katika muda huo matangazo yalibadilika, na ripoti zenyewe hazikupima watangazaji wale wale. Mtu anayesimama kwenye 4% anaonekana hodari kwa kipimo cha kwanza na dhaifu kwa cha pili, ilhali yeye hajabadilika. Zaidi ya hayo, namba hizo ni za watangazaji wa Marekani. Zinaweza kuifaa kampuni ya Arusha inayowalenga Wamarekani, lakini kwa duka la Mwanza linalotangaza kwa Kiswahili ni msingi dhaifu sana.

Kwenye Facebook na Instagram kuna mtego mwingine. Mfumo wao una hesabu inayojumlisha kila mguso, pamoja na kupenda, kutoa maoni na kukuza picha, na una nyingine ya "Link clicks", yaani waliogusa kiungo. Anayelinganisha ya kwanza yake na ya pili ya wenzake atajiona bingwa bila sababu.

Namba ndogo pia hazistahili kulinganishwa. Tangazo lililoonekana mara 200 na kubofywa mara 8 lina 4%, lakini kwa uchache huo kiwango chake halisi kinaweza kuwa popote kati ya 2% na karibu 8%. Ukifikisha mibofyo 100, kosa hupungua hadi takriban moja ya tano ya namba yenyewe juu au chini, na hapo angalau kuna la kujadili.

Basi kampuni ijipime na nini? Kwanza na yenyewe: kundi lile lile la maneno, nchi ile ile, msimu ule ule wa mwaka jana, kwa sababu watu hawatafuti safari Aprili kama wanavyozitafuta wanapopanga likizo ya Julai. Pili, ijipime na fedha. Tuseme tangazo la kwanza linaahidi safari za bei ya chini kuliko zote, linapata 6%, yaani mibofyo 600 kwa kuonekana mara 10,000, na linaleta maombi 3 ya bei. La pili linataja bei halisi, linapata 3%, mibofyo 300, na linaleta maombi 9. Kila mbofyo ukigharimu dola 1, ombi moja la tangazo la kwanza limegharimu dola 200, na la tangazo la pili dola 33 hivi. La kwanza limeushinda wastani wa sekta wa 4.68% na la pili limeshindwa nao. Tangazo la kuzimwa ni lile la kwanza.