Kiporo cha wali na sukari ya damu
Wali unapoiva, chembe za wanga hunywa maji, zikavimba na kulainika. Ndiyo maana wali wa moto humeng'enywa haraka na sukari ya damu hupanda upesi. Ukipoa, sehemu ya wanga hujipanga upya na kukaza, vimeng'enya vya utumbo vikashindwa kuuvunja. Mwaka 2015 watafiti wa Indonesia waliweka wali kwenye friji saa 24, kisha wakaupasha moto: wanga huo mkaidi ulikuwa gramu 1.65 katika kila gramu 100, dhidi ya 0.64 kwenye wali mpya. Ongezeko ni dogo, kwa hiyo sahani ya pili haijahalalishwa! Na kiporo kilicholala sufuriani nje ya friji kiache: sumu ya bakteria wake haiondoki hata ukikipasha.