Juni 30: Bomba Limelazwa au Linalazwa?

Tuchukue mradi wa maji wa kijijini wenye bomba la kilomita 8, kutoka tangini hadi vituo vya kuchotea. Ratiba inasema ulazaji unaanza Aprili 1 na kwisha Juni 30. Taarifa ya robo mwaka inaandikwa kwa Kiingereza, maana ndiyo lugha anayoisoma mfadhili, na mhandisi anaandika: "By 30 June we will be laying the pipe." Alikusudia kusema kazi itakuwa imekwisha. Mfadhili anasoma kwamba siku hiyo mafundi watakuwa wangali mtaroni.

Sentensi aliyoihitaji ni hii: "By 30 June we will have laid 8 km of pipe." Huo ni wakati ujao timilifu, "tutakuwa tumelaza" kwa lugha yetu. Ule wa kwanza ni wakati ujao endelevu, "tutakuwa tunalaza". Pale ambapo mkataba unalipa kwa hatua iliyokamilika, sentensi ya endelevu haiahidi hata mita moja.

Ratiba ya Gantt inalionyesha jambo hili wazi. Kazi inayochukua muda huchorwa kama pau, na hatua ya kukamilika huchorwa kama almasi ndogo. Ukizungumzia siku iliyo katikati ya pau, tumia endelevu. Ukizungumzia almasi, tumia timilifu. Kiasi kilichopimwa pia ni dalili nzuri: kilomita 8, visima 3 au asilimia 60 ifikapo tarehe fulani karibu kila mara hudai timilifu.

Endelevu nayo ina kazi yake, na waandishi wengi wa taarifa huisahau. Wanakijiji wakitaka kujua barabara ya shule itafungwa lini, jibu ni "From 10 to 20 May we will be digging across the school road." Hapo hakuna anayeuliza kama mtaro umekwisha, wanataka kujua siku hizo kutakuwa na nini barabarani.

Mtego mkubwa ni "by" na "until", kwa sababu sisi husema "hadi" kwa yote mawili. "By" ni kabla ya tarehe au siku yenyewe, na huenda vizuri na timilifu. "Until" ni kazi kuendelea mpaka tarehe hiyo: "We will be testing the pumps until 15 July." Kuandika "We will have finished until June" ni kosa. Na baada ya "by the time" usiweke "will": andika "By the time the rains start, we will have covered the trench."

Kabla ya kutuma taarifa, jiulize mkaguzi akifika siku hiyo atakuta nini. Akikuta bomba limefukiwa, andika "will have laid". Akikuta sururu mikononi, andika "will be laying", na usitegemee kulipwa kwa hatua hiyo.