Mgonjwa mwoga husoma nini katika wasifu wa daktari wa meno

Mtu anayeogopa kiti cha daktari wa meno huwa hasomi shahada kwanza. Anataka kujua kama sindano itauma, na kama daktari ataacha akiombwa aache. Wasifu mwingi wa kliniki zetu humwacha na maswali hayo: umejaa vyeti, kisha unaahidi "tiba isiyo na maumivu".

Ahadi hiyo ni ya hatari. Jino lililovimba na kutunga usaha huwa gumu kutiwa ganzi, kwa sababu tindikali ya uambukizo huizuia dawa kuingia vizuri kwenye neva. Mgonjwa aliyeahidiwa kwamba hatahisi chochote, akahisi, huenda asirudi tena. Ningependa kusoma maneno kama haya, kwa daktari anayeng'oa gego la chini:

"Nitakupaka kwanza dawa ya kufisha ganzi ufizi, tusubiri dakika moja au mbili. Sindano nitaisukuma polepole, maana dawa ikiingizwa kwa kasi ndiyo inayouma zaidi. Sitaanza mpaka mdomo wako wa chini ufe ganzi upande huo. Utahisi kusukumwa na utasikia mlio, lakini hutakiwi kusikia maumivu makali. Ukiyasikia, inua mkono wa kushoto, nitaacha na kuongeza ganzi. Nikiona uambukizo umezidi, nitakueleza kama tuutibu kwanza au tutoe usaha."

Maneno hayo yana utaalamu ndani yake. Aliyeyaandika anajua ganzi ya taya la chini hupimwa kwa mdomo, na anajua mipaka yake. Kuinua mkono kunampa mgonjwa kitu anachokikosa zaidi akiwa amelala chali, mdomo wazi: uwezo wa kusimamisha kazi.

Elimu nayo itajwe, kwa sentensi mbili tu. Tanzania Bara, kwa mfano, daktari wa meno husoma shahada kwa miaka 5, kisha hufanya mwaka 1 wa mafunzo kwa vitendo hospitalini, na lazima asajiliwe na Baraza la Madaktari Tanganyika. Usajili ndio wa kutaja kwanza, kwani mgonjwa anaweza kuuthibitisha. Cheti cha semina ya siku mbili hakina haja ya kupewa mstari wake.

Kwenye orodha ya kazi, daktari aandike zile anazozifanya mwenyewe: kuziba, kung'oa, kusafisha ugaga, tiba ya mzizi ya meno ya mbele. Kisha aseme anazozipeleka kwingine. "Gego la mwisho lililolala ndani ya mfupa, karibu na neva, namwandikia mgonjwa rufaa kwa bingwa wa upasuaji wa kinywa." Wapo wanaodhani sentensi hiyo itawafukuzia wateja. Mimi nadhani mwoga ataisoma mara mbili, kisha apige simu.