Barua ya Kuacha Kazi: Mhandisi Anapotoka kwa Mkandarasi Kwenda Serikalini

Mhandisi wa mradi anayehama kutoka kampuni ya ukandarasi kwenda serikalini hukabiliwa na tarehe mbili. Barua ya kupangiwa kituo humtaka aripoti kwa mwajiri mpya katika muda uliowekwa, ambao unaweza kuwa mfupi. Mwajiri wa zamani naye ana haki ya kupewa taarifa kabla hajaondoka. Barua ya kuacha kazi inatakiwa kupatanisha tarehe hizo bila kuuacha mradi njia panda.

Tanzania, Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inataka taarifa isiyopungua siku 28 kwa mwajiriwa anayelipwa kwa mwezi, mwezi wake wa kwanza kazini ukiwa umepita. Mkataba wa ajira unaweza kuweka muda mrefu zaidi, ilimradi uwe sawa kwa pande zote mbili. Taarifa hutolewa kwa maandishi, ikitaja sababu na tarehe iliyotolewa. Anayekataa kufanya kazi katika kipindi cha taarifa anaweza kukatwa mshahara wa kipindi hicho kwenye malipo yake ya mwisho. Kwa hiyo, tarehe ya kuripoti ikiwa karibu mno, hatua ya kwanza ni kumwomba mwajiri mpya aongeze muda, au kumwomba mkandarasi akubali kwa maandishi kumwachia mapema.

Aya ya kwanza ya barua huwa fupi. Tuchukue mfano wa mhandisi wa mradi wa barabara ya lami anayeandika: “Kwa barua hii natoa taarifa ya siku 28 ya kuacha kazi, leo tarehe 3 Machi. Sababu ni kuajiriwa katika utumishi wa umma. Siku yangu ya mwisho kazini itakuwa 31 Machi.” Malalamiko ya zamani na sifa za kazi mpya hayana nafasi hapo.

Uzito wa barua uko kwenye ahadi za makabidhiano. Sentensi kama “nitahakikisha makabidhiano yanakwenda vizuri” haimsaidii mkandarasi, kwa kuwa haiwezi kupimwa. Ahadi inayofaa hutaja kitu, tarehe na anayekabidhiwa. Mhandisi wa mfano wetu anaahidi kukamilisha vipimo vya kazi za Februari ifikapo 7 Machi ili hati ya madai ya malipo isichelewe. Kumkabidhi mrithi wake daftari la kila siku la saiti, michoro yenye marekebisho na majibu ya maabara ifikapo 20 Machi. Na kutembea naye barabara nzima katika wiki ya mwisho, wakiorodhesha kalavati na matabaka ambayo hayajapokelewa na mhandisi msimamizi.

Jambo linalosahaulika kwa urahisi, na ambalo hasara yake ni kubwa, ni madai ambayo muda wake unakimbia. Katika mikataba inayotumia masharti ya FIDIC ya mwaka 1999, mkandarasi hupoteza haki ya kudai muda wa ziada au fedha asipotoa taarifa ndani ya siku 28 tangu alipojua, au alipopaswa kujua, tukio husika. Katika mfano huu, nguzo za umeme zilizochelewa kuhamishwa zilianza kuzuia kazi tarehe 16 Februari. Muda wa taarifa utaisha katikati ya Machi, wakati mhandisi akiwa bado kazini. Ndiyo maana barua inaahidi kuikamilisha taarifa hiyo ifikapo 10 Machi. Asipoitaja, mrithi anaweza kuikuta muda umekwisha.

Barua izingatie pia mkataba wa mradi. Ikiwa jina la mhandisi limo kwenye orodha ya wataalamu wakuu, kwa kawaida mkandarasi huhitaji idhini ya upande wa mwenye mradi kabla ya kuleta mwingine. Kutaja jambo hilo humkumbusha mwajiri kuwasilisha wasifu wa mrithi mapema.

Ahadi zote ziishie siku ya mwisho kazini. Kuahidi kusaidia “wakati wowote” baada ya hapo ni hatari, kwani mtumishi wa umma anayemshauri mkandarasi huingia kwenye mgongano wa maslahi, hasa taasisi yake ikiwa ndiyo inayosimamia kazi za kampuni hiyo. Nyaraka, viwango vya bei na kompyuta hubaki kwa mkandarasi. Akiripoti, mhandisi amweleze mkuu wake kwa maandishi alikotoka, asipangiwe kukagua kazi alizozijenga mwenyewe.

Makabidhiano hufungwa kwa hati inayosainiwa na pande zote mbili, kila mmoja akibaki na nakala. Mhandisi anastahili mshahara wa siku alizofanya kazi, malipo ya likizo ambayo hakuichukua na cheti cha utumishi. Haya ayaombe ndani ya barua hiyohiyo.