Ufunguo Ukivuja, Badilisha Kitasa Kwanza

Tarehe 24 Machi 2023, yapata saa 2 asubuhi kwa saa za Afrika Mashariki, GitHub ilibadilisha ufunguo wake wa siri wa RSA, ambao seva zake huutumia kuwathibitishia wateja kwamba ni zenyewe kweli. Ufunguo huo ulikuwa umeonekana kwa muda mfupi katika hazina ya programu iliyo wazi kwa umma. Kampuni ilisema haina sababu ya kuamini kwamba kuna aliyeutumia vibaya. Hata hivyo iliutupa, ingawa ilijua kwamba wateja wengi wangekutana na onyo kali kwenye skrini na kulazimika kurekebisha kompyuta zao.

Kama mwenye mtambo mwenyewe hakuridhika na kufuta, mwandishi wa programu wa kawaida ana sababu gani ya kuridhika?

Git, chombo ambacho waandishi wa programu hutunzia kazi zao, huhifadhi kila hatua ya kazi. Ukifuta faili leo, toleo la jana bado limo ndani. Tuseme kijana anayetengeneza mfumo wa kampuni ya mizigo amesukuma faili la `.env` kwenye hazina ya wazi, na ndani yake mna ufunguo wa akaunti ya AWS inayotunza picha za risiti. Akigundua baada ya saa moja, mkono wake utakimbilia kufuta. Lakini kuna programu zinazopekua hazina za wazi mchana na usiku zikitafuta funguo za namna hiyo. Aliyekwisha kuchonga ufunguo wa nyumba yako hazuiliki kwa wewe kuokota ule ulioangusha njiani. Kitasa ndicho cha kubadilisha.

Kwa hiyo kazi ya kwanza haifanyiki kwenye Git hata kidogo. AWS humruhusu kila mtumiaji kuwa na funguo mbili kwa wakati mmoja, hivyo kijana anaweza kutengeneza mpya, akauweka kwenye seva, kisha akauzima wa zamani:

```
aws iam update-access-key --user-name mizigo \
  --access-key-id UFUNGUO_WA_ZAMANI --status Inactive
```

Hazina ikiwa ya wazi, auzime kwanza, hata kama huduma itasimama kwa dakika kadhaa.

Kazi ya pili ni kupekua nyayo. Kumbukumbu za CloudTrail huonyesha yaliyofanywa kwenye akaunti katika siku 90 zilizopita. Aangalie tangu dakika aliposukuma faili hadi dakika alipozima ufunguo: je, kuna mtumiaji mpya aliyeundwa? Kuna seva zilizowashwa katika maeneo ambayo kampuni haiyatumii? Mvamizi mwerevu hujitengenezea mlango wake mapema, na mlango huo haufungwi kwa kuzima ufunguo wa awali. Tahadhari moja: kumbukumbu hizo za kawaida hazionyeshi nani alisoma faili moja moja, isipokuwa kama mwenye akaunti aliwasha ufuatiliaji huo kabla. Kutoona kitu si uthibitisho kwamba picha hazikuchukuliwa.

Baada ya hapo ndipo historia isafishwe, kwenye nakala mpya iliyopakuliwa kwa kazi hiyo:

```
git filter-repo --sensitive-data-removal \
  --invert-paths --path .env
git push --force --mirror origin
```

Amri hizi huandika upya kila hatua iliyofuata baada ya faili kuingia, na hapo matatizo mengine huanza. Nakala ambazo watu wengine wamejichukulia kwenye akaunti zao hazibadiliki. Hatua ya zamani bado yaweza kufunguliwa GitHub na mwenye namba yake ya utambulisho, na maombi ya kuunganisha kazi hubaki yakiielekeza. Hayo huondolewa kwa kuwaandikia wahudumu wa GitHub. Wenzake kazini nao wapakue upya. Mmoja akiunganisha kazi yake ya zamani na kuisukuma, faili litarudi lilivyokuwa. Amri ya `git log --all -- .env` isipotoa chochote, faili halimo tena katika historia ya nakala hiyo.

Gharama hiyo yote ndiyo inayofanya baadhi ya timu ziiache historia ilivyo: ufunguo uliokufa ni herufi tu, haufungui kitu. Hesabu hubadilika pale faili linapobeba pia majina na namba za simu za wateja, kwa kuwa hizo haziwezi kuzimwa zikatolewa nyingine. Hapo kusafisha ni lazima, na wateja wanapaswa kuambiwa.