Nyumba Kongwe: Kipi Kibaki, Kipi Kiondoke

Ukipata nyumba kongwe katika Mji Mkongwe wa Zanzibar, usianze na rangi. Anza na kuta za chini. Ukiona plasta imevimba na chumvi nyeupe kama unga imechomoza, igonge kwa kidole. Ikitoa sauti ya kitu kilicho wazi ndani, imeachana na ukuta, na mara nyingi utakuta ni saruji.

Kuta hizi ni za mawe ya matumbawe na chokaa. Hunyonya maji ya ardhini, kisha huyatoa hewani kupitia plasta ya chokaa. Saruji huziba njia hiyo. Unyevu hupanda juu, hufikia ncha za boriti zilizozama ukutani, nazo huoza. Kwa hiyo ibandue saruji, hata kama ni mpya. Acha ukuta ukauke, ikibidi kwa miezi, ndipo upige chokaa kwa tabaka nyembamba.

Boriti nazo zipime moja moja. Choma ncha kwa bisibisi: ikizama kwa ulaini, boriti imekwisha, ikigota, iache. Iliyooza ibadilishe kwa mkoko wa unene uleule, dari ikiwa imeegemezwa.

Mlango wa nakshi ndio unaoniuma zaidi, kwa kuwa watu huutupa mzima kwa sababu ya ncha iliyooza chini. Fundi mzuri hukata palipooza tu, akaunga mti wa aina ileile. Na kabla ya kugusa chochote, omba kibali cha mamlaka ya Mji Mkongwe.