Madhi Isiyopita

Katika nikaha za mwambao kuna dakika moja ambayo hata watoto hunyamazishwa. Wali ameshika mkono wa bwana harusi, anatamka: "Zawwajtuka." Bwana harusi anajibu: "Qabiltu." Mwanafunzi wa madrasa aliyemaliza juzi kukariri vitenzi vyake atakwambia kwamba yote mawili ni madhi, wakati uliopita: nilikuozesha, nilikubali. Sawa, lakini ulimwozesha lini? Kabla ya wali kufungua kinywa ndoa haikuwapo. Imezaliwa ndani ya neno hilohilo.

Wanaofungisha kwa Kiswahili wala hawajikwai hapo. Husema "nimekuozesha" na "nimekubali", na mambo yamekwisha. Hakuna aliyewafundisha waache -li- washike -me-. Ni sikio tu. Waarabu nao hawakuiteua madhi kwa bahati. Mafaqihi waliipenda kwa sababu inalionyesha jambo likiwa limekamilika, halina mlango wa kurudi nyuma. Wali angesema kwa umbo la mudhaari, "uzawwijuka", msikilizaji angeweza kuelewa "nakuozesha", na angeweza pia kuelewa "nitakuozesha", ambayo ni ahadi tu, na mtu haingii chumbani kwa ahadi. Majalla, sheria ya madai ya dola ya Uthmania iliyotungwa kati ya 1869 na 1876, iliweka jambo hilo wazi katika biashara: mauzo yanaweza kufungwa kwa mudhaari ikiwa msemaji amekusudia sasa hivi, akikusudia baadaye, hakuna kilichouzwa. Kwa hiyo mfasiri wa hati ya zamani anayekutana na "abiu" hawezi kuandika tu "nauza" au "nitauza" kama linavyomjia. Neno moja linahamisha shamba, jingine linaliacha mikononi mwa mwenyewe.

Shida inaanzia darasani. Tulifundishwa kuimba: kataba, aliandika, yaktubu, anaandika. Kwa mtoto wa miaka minane inatosha. Ila majina yenyewe ya maumbo hayo yanapotosha. "Madhi" maana yake ni kilichopita, kwa hiyo tukaamini ni saa. "Mudhaari", ajabu yake, haina habari ya wakati kabisa: maana yake ni kinachofanana. Wanasarufi walikiita hivyo kwa kuwa kitenzi hicho kinafanana na jina, kinabadilika mwishoni kama jina linavyobadilika: yaktubu, yaktuba, yaktub. Sibawayhi, aliyeandika Al-Kitab katika karne ya 8, alizitaja nyakati tatu tangu kurasa za mwanzo: iliyopita, ijayo, na ile inayoendelea bila kukatika. Nyakati tatu, lakini ukitoa amri, maumbo ni mawili. Linaloendelea na lijalo yanavaa kanzu moja.

Ukiyatazama maumbo hayo kwa jicho la mfasiri, utaona kwamba kazi yao ya kwanza ni kusema kama tendo linatazamwa zima, limefungwa, au linatazamwa kwa ndani, likiwa bado linakwenda. Saa huletwa na maneno yaliyo pembeni. Na Kiswahili hakikubali hilo kirahisi, kwa sababu kitenzi chetu kikitaka kusimama katika sentensi ya kawaida lazima kichague kiambishi, na vitatu vilivyo karibu zaidi na mkono ni -li-, -na- na -ta-.

Chukua hadithi hii fupi, niliyoitunga kwa ajili ya kazi hii. "Dakhala Hasanun yabki. Lam yajid jaddahu fil-bayti. Kana jadduhu, rahimahu Llahu, yaqrau lahu kulla layla." Anayefuata wimbo wa darasani ataandika: "Hasani aliingia analia. Hapati babu yake nyumbani. Babu yake alikuwa, Mungu alimrehemu, anamsomea kila usiku." Kila neno limefasiriwa, na hakuna Mswahili anayezungumza hivyo.

Anza na "yabki". Ni mudhaari, lakini kilio hakiko leo. Kiko palepale mlangoni alipoingia Hasani. Mudhaari imekiacha kilio wazi, kikiendelea ndani ya tendo la kuingia, nasi tuna kiambishi cha kazi hiyo: aliingia akilia. Kisha "lam yajid". Umbo ni mudhaari tena, ila "lam" iliyotangulia imekanusha na kulisukuma tendo zima nyuma kwa mkupuo mmoja: hakumkuta. Ndiyo maana fundi mzoefu hukitazama kwanza kijineno kilicho mbele ya kitenzi kabla ya kitenzi chenyewe. Ukikuta "lam", rudi nyuma. "Lan" au "sa", nenda mbele. "In", yaani sharti, hata madhi hutoka katika yaliyopita: "in zurtani zurtuka" ni madhi mbili, na maana yake ni ukinitembelea, nitakutembelea.

"Kana" pamoja na mudhaari hutoa mazoea ya zamani: alikuwa akimsomea, kila usiku. Na katikati kuna "rahimahu", madhi safi kwa umbo, dua kwa maana. Aliyeandika "Mungu alimrehemu" amejipa habari za ahera. Kiswahili kina "Mungu amrehemu", na kwa kuwa kitenzi hiki kimetoka Uarabuni hakibadiliki irabu ya mwisho, tofauti yote kati ya dua na taarifa imebaki katika silabi moja: amrehemu, amemrehemu. (Hata "marehemu" wetu kwa asili ni aliyerehemewa. Tumelizoea hata hatusikii tena dua iliyomo.)

Sasa hadithi inasomeka: "Hasani aliingia akilia. Hakumkuta babu yake nyumbani. Babu, Mungu amrehemu, alikuwa akimsomea kila usiku."

Pengine, hata hivyo, Kiswahili hakina nguo inayotosha. "Kana" hiyohiyo ikisimama na sifa ya Mwenyezi Mungu, kama inavyofanya mwishoni mwa aya nyingi za Kurani, haimaanishi kwamba alikuwa hivyo halafu akaacha. Lakini "alikuwa msamehevu" kwa sikio letu ina harufu ya kuacha. Ukisema fulani alikuwa mkarimu, watu watauliza amepatwa na nini. Mfasiri anaandika "ni", na anafanya vizuri. Ila ile hisia ya sifa iliyokuwapo tangu na tangu imedondoka njiani, na sijaona njia fupi ya kuiokota.

Aya ya kwanza ya Sura An-Nahl ni ngumu zaidi. Inazungumzia amri ya Mungu kwa kitenzi "ata", kimekuja, kisha papo hapo inawakataza wasikilizaji wasiihimize. Kisichofika ndicho huhimizwa, kwa hiyo jambo bado halijatokea. Wafasiri wa Kurani husema madhi imetumika kwa uhakika wa kutokea kwake: lijalo bila shaka linahesabika kama lililokwisha. Ukiweka "itakuja", wakati umepatikana na uhakika umepungua. Ukiweka "ilikuja", umeharibu. Mimi naelekea "imeshafika", na sababu yangu haina heshima sana: ndilo neno analolisema mtu kwenye simu, "nimeshafika", ilhali bado yumo ndani ya daladala vituo viwili nyuma, na anayemngoja anaelewa kabisa kwamba hajafika na asiondoke.